Kukabidhi mteja kwa msimamizi mpya: mwongozo kwa kampuni za uwakala wa forodha

Kwa waagizaji wengi wa bidhaa jijini Dar es Salaam, kampuni ya uwakala wa forodha ni yule mtu mmoja anayepokea simu saa mbili usiku kontena linapokwama kwenye geti la bandari kavu. Mtu huyo anapohamishiwa idara nyingine au anapoacha kazi, mafaili yote hubaki ofisini na nyaraka zote hubaki kwenye mfumo, na bado mteja hujikuta anaanza upya na mgeni. Vinavyopotea mara nyingi ni vitu viwili ambavyo havikuwahi kuingia kwenye faili, yaani ahadi zilizotolewa kwa mdomo na ugomvi ulioisha nusu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvihamisha vitu hivyo pamoja na mteja mwenyewe.

Mhusika mkuu nitamwita msimamizi wa mteja, kwa kuwa neno akaunti katika ofisi zetu huwapeleka watu moja kwa moja benki. Mfano nitakaoutumia nimeutunga, ingawa kila kipande chake nimekutana nacho kazini kwa sura moja au nyingine. Mteja ni mwagizaji wa vipuri vya matrekta na pampu za maji mwenye duka Gerezani, Kariakoo. Huingiza makontena sita hadi manane kwa mwaka kutoka India na China, na amekuwa na kampuni yetu tangu mwaka 2018. Biashara ni ya familia: yupo Mzee aliyeianzisha, yupo binti yake anayeshughulikia ununuzi na barua pepe zote, na yupo mhasibu wa kuajiriwa anayeandaa malipo. Msimamizi wake wa miaka mingi anahamia tawi la Tunduma, na mwenzake mdogo ndiye anayempokea.

Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kutazama mizigo

Makosa mengi ya makabidhiano huanzia kwenye tarehe, kwa sababu uongozi huichagua kwa kufuata kalenda ya watumishi, wakati mteja anaishi kwa kalenda ya meli. Kabla ya kutangaza lolote, msimamizi anayeondoka aorodheshe mizigo yote ya mteja iliyo hai na kuandika kila mmoja umefikia wapi: bado kiwandani, uko majini, umeshushwa, tamko la forodha limeshawasilishwa, mzigo umetoka lakini kontena tupu halijarudishwa.

Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba mzigo ambao tamko lake la forodha limeshawasilishwa ubaki kwa msimamizi wa zamani hadi kontena tupu lirudishwe kwa kampuni ya meli na risiti ya kulirudisha iwe mkononi. Mizigo iliyobaki, ikiwa ni pamoja na ile iliyo majini, aichukue msimamizi mpya. Mpaka huo unaweza kuonekana uko mbali mno, kwa kuwa wengi hudhani kazi imekwisha lori linapofika ghalani. Lakini mabishano makali zaidi huzuka baada ya hapo: kontena limerudishwa siku mbili baada ya muda wa bure kwisha, au limerudi likiwa na tundu ambalo hakuna aliyeliandika lilipotoka, au kampuni ya meli inazuia amana. Msimamizi mpya hana namna ya kujibu maswali kuhusu mzigo ambao hakuuona ukitoka.

Epuka pia majuma ya mwisho wa Juni na ya mwanzo wa Julai. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko ya viwango vya ushuru vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huanza kutumika siku hiyo hiyo, hivyo wateja hupiga simu mfululizo wakitaka kujua kama watalipa zaidi. Si wakati wa kuwapa sauti wasiyoijua.

Muda wa wasimamizi wawili kufanya kazi bega kwa bega usipungue majuma mawili, na ukiwezekana uchukue mzigo mmoja kamili tangu nyaraka zinapofika hadi kontena tupu linaporudi. Mteja wetu wa mfano alikuwa na kontena moja lililoshatamkwa na mawili majini. Lile la kwanza lilibaki kwa msimamizi wa zamani, lililofuata walilishughulikia pamoja, na la tatu lilikuwa la mpya peke yake.

Hatua ya 2: Safisha hesabu kabla ya kuandika chochote

Msimamizi anayeondoka akae na mhasibu wa kampuni wapitie leja ya mteja mstari kwa mstari, na kila kiasi kinachoonekana kama deni kipewe maelezo. Hatua hii huchosha, nami nakiri kuwa nimewahi kuiruka, lakini ndiyo inayomwepusha msimamizi mpya na aibu katika mwezi wake wa kwanza.

Chukua jambo moja linalojirudia. Kampuni yetu ilimtoza mteja ada ya uwakala ya shilingi 4,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni shilingi 720,000, kwa hiyo ankara ilisomeka shilingi 4,720,000. Mteja, kama sheria ya kodi ya mapato inavyomtaka anapolipia huduma, alikata kodi ya zuio ya asilimia 5 ya ada, yaani shilingi 200,000, akaipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania, kisha akatulipa shilingi 4,520,000. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Lakini kwa kuwa hati ya kodi ya zuio haikutufikia, leja iliendelea kuonyesha kuwa mteja anadaiwa shilingi 200,000. Ankara sita za aina hiyo zikajikusanya kuwa shilingi 1,200,000, chini ya kichwa kinachosema madeni yaliyozidi siku 90.

Msimamizi mpya anayeipokea leja hiyo bila maelezo atafanya kile ambacho mtu mwenye bidii angefanya: atampigia Mzee kumkumbusha deni. Mzee, ambaye anajua amelipa kila kitu, ataona ametukanwa na kijana ambaye hata hawajaonana. Kilichotakiwa ni ombi la adabu kwa mhasibu wa mteja atafute hati sita, ambazo kampuni yetu inazihitaji ili kujipunguzia kodi yake ya mapato. Fedha hakuna anayezidai.

Katika kikao hicho hicho, tenganisha ada ya kampuni na fedha ambazo kampuni ililipa kwa niaba ya mteja, kama vile tozo za bandari na za kampuni ya meli. Malalamiko ya mteja kwamba tuna bei kubwa mara nyingi yanahusu zile za pili, ambazo hatuna mamlaka nazo, na msimamizi mpya ni lazima ajue tofauti hiyo kwa mteja huyu mahususi kabla hajaanza kuahidi punguzo.

Hatua ya 3: Andika muhtasari wa historia

Muhtasari mzuri una kurasa tatu, au nne kwa mteja mgumu. Ukizidi hapo hautasomwa, na ukipungua sana utakuwa orodha ya namba za simu. Uandikwe na msimamizi anayeondoka mwenyewe. Nimeona ofisi zikimpa kazi hiyo katibu muhtasi ili aikusanye kutoka kwenye mafaili, na matokeo yake yalikuwa kumbukumbu safi ya mambo ambayo kila mtu angeweza kuyaona kwenye mfumo.

Anza na watu, na usiishie kwenye vyeo. Mambo matatu yanatakiwa kujulikana kuhusu kila mtu: anaamua nini, anazuia nini, na hupatikana kwa njia gani. Kwa mteja wetu, sehemu hiyo ingesomeka hivi:

"Barua pepe zote hujibiwa na binti, na kwa ratiba za mizigo neno lake linatosha. Bei huamuliwa na Mzee peke yake. Hasomi barua pepe. Mabadiliko yoyote ya bei aelezwe ana kwa ana dukani, asubuhi kabla ya saa nne, ndipo binti atumiwe maandishi. Mhasibu huandaa malipo siku ya Alhamisi. Ankara iliyofika Ijumaa husubiri juma zima, na kumpigia Jumatatu hakusaidii kitu."

Baada ya watu, eleza masharti yanayotumika sasa na yalikotoka. Asili ya sharti ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mteja wetu hupewa siku 45 za kulipa, wakati wateja wengine wa ukubwa wake hupewa 30. Kama muhtasari utasema siku 45 tu, msimamizi mpya au bosi wake ataona ni uzembe na kutaka kuzirudisha 30. Ukieleza kuwa siku hizo zilitolewa mwaka 2020, kwa kubadilishana na mteja kukubali kuleta mizigo yake yote kwetu badala ya kuigawa kwa mawakala wawili, basi anayetaka kuzipunguza atajua anagusa mapatano yenye pande mbili. Vivyo hivyo kwa bei: orodha yetu ya kwanza iliandikwa kwa dola, kisha ikageuzwa kuwa shilingi baada ya kanuni za mwaka 2025 kutaka bei za huduma za ndani zitajwe kwa fedha ya nchi. Andika kiwango cha ubadilishaji kilichotumika siku hiyo na nani alikikubali, maana swali hilo litarudi mara shilingi itakapopanda au kushuka.

Sehemu ya tatu ndiyo moyo wa muhtasari, nayo ni ahadi. Kila ahadi ambayo bado ina mkia iandikwe pamoja na vitu vinne: nani aliitoa, lini, ushahidi wake uko wapi, na kimebaki nini. Mfano wa mteja wetu unastahili kuelezwa wote.

Mwaka uliopita kontena lake la futi 40 lilichelewa kurudishwa kwa siku tisa baada ya muda wa bure kwisha. Kampuni ya meli ilitoza shilingi 300,000 kwa siku kwa fedha yetu, jumla shilingi 2,700,000. Siku nne zilitokana na mteja kuchelewesha bili ya shehena iliyosahihishwa, na siku tano zilitokana na sisi kuandika uzito usiolingana kwenye tamko, hadi likafanyiwa marekebisho. Mzee alikuja ofisini akiwa amekasirika. Msimamizi wetu, kwa ridhaa ya meneja wa uendeshaji iliyotolewa kwenye korido, alikubali kubeba siku tano, yaani shilingi 1,500,000, na akaahidi kuzikata kwenye ada za mizigo mitatu iliyofuata, shilingi 500,000 kila mmoja. Mizigo miwili imeshakatwa, ukabaki mmoja.

Hakuna barua iliyoandikwa. Ushahidi ni ujumbe mmoja wa WhatsApp kwenye simu ya msimamizi, ambamo binti wa Mzee aliandika kwamba wamekubali mpango wa mara tatu. Mambo yakiachwa hivyo, mzigo wa tatu utatozwa ada kamili na mtu asiyejua lolote, naye Mzee atahitimisha kuwa kampuni ilikuwa inamngoja yule aliyeahidi aondoke. Kwenye muhtasari, ahadi hiyo iingie namna hii:

"Tunadaiwa punguzo la shilingi 500,000 kwenye ada ya mzigo wa kwanza utakaotamkwa baada ya makabidhiano. Ni la mwisho kati ya matatu, kwa ajili ya tozo ya kontena ya mwaka jana; siku tano kati ya tisa zilikuwa kosa letu. Meneja wa uendeshaji aliridhia kwa mdomo, na leo amesaini pembeni ya aya hii. Nakala ya ujumbe wa binti imeambatishwa. Usisubiri mteja akumbushe. Lionyeshe kwenye ankara kama mstari unaojitegemea."

Tazama saini ya meneja wa uendeshaji. Ahadi ya mdomo inayohamishwa bila kuthibitishwa na mwenye mamlaka inabaki kuwa neno la mtu aliyeondoka, na mhasibu ana haki ya kuikataa. Wakati wa kuandika muhtasari ndiyo nafasi ya mwisho ya kuigeuza iwe deni linalotambuliwa na kampuni. Ikiwa mwenye mamlaka atakataa kuitambua, ni bora msimamizi wa zamani amweleze mteja mwenyewe kabla hajaondoka, hata kama mazungumzo hayo yatakuwa machungu.

Sehemu ya nne ni mambo yaliyoharibika. Hapa waandishi wengi hulainisha maneno, na ninaelewa sababu, kwa kuwa makosa mengine ni yao wenyewe. Andika kosa, chanzo chake, na mteja alilichukuliaje, bila kumtetea mtu. Lililo la maana zaidi ni kuonyesha kama jeraha limepona. Mzee alishalipwa sehemu ya tozo, lakini tangu siku ile hudai kuonyeshwa tamko la forodha kabla halijawasilishwa. Mtu asiyejua historia ataona ni usumbufu na atajaribu kuukwepa ili kuokoa nusu siku. Anayeijua atalituma tamko bila kuombwa.

Kuna mambo yasiyopaswa kuandikwa. Magonjwa ya mteja, mambo ya ndoa yake, imani yake ya dini na tetesi za ugomvi wa urithi havina nafasi kwenye muhtasari, hata kama msimamizi anayeondoka aliyajua kwa sababu aliaminiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazohifadhiwa, na Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Mimi hutumia kipimo chepesi: naandika kila sentensi kana kwamba Mzee ataletewa karatasi hiyo na kuisoma mbele yangu. Sentensi inayosema hupenda kuelezwa bei ana kwa ana inapita. Inayosema ni mkaidi haipiti, wala haimsaidii msomaji kujua la kufanya.

Hatua ya 4: Msimamizi mpya ausimulie muhtasari

Usiridhike na kumtumia mwenzako faili na kuambiwa amesoma. Mpe siku mbili, kisha kaeni saa moja na nusu, yeye akusimulie historia ya mteja bila kutazama karatasi, nawe unyamaze. Utaona mara moja alipoelewa vibaya. Katika mfano wetu, msimamizi mpya alisimulia vizuri sana habari za tozo ya kontena lakini akasema mteja alikuwa anatudai shilingi 1,500,000, kwa kuwa aliisoma jumla na kupita mizigo miwili iliyokwisha kukatwa. Kosa hilo lilisahihishwa mezani. Lingefika kwenye ankara, lingetugharimu shilingi milioni moja.

Kisha muulize maswali ambayo mteja atamuuliza. Mzigo wangu uko wapi? Kwa nini bandari imenitoza storeji? Wewe umefanya kazi hii miaka mingapi? Swali la mwisho litaulizwa, tena mapema, na jibu lake liandaliwe bila kuongeza chumvi.

Hatua ya 5: Mjulishe mteja kwa simu, kisha kwa barua

Habari itoke kinywani mwa msimamizi wa zamani, na imfikie Mzee kabla ya mtu mwingine yeyote wa upande wake. Kumwandikia binti kwanza, kwa kuwa ndiye anayejibu barua pepe, kunamfanya Mzee asikie habari za biashara yake kutoka kwa mwanawe. Simu iwe fupi: salamu zake kamili, sababu ya kweli ya kuondoka, jina la anayekuja, siku ya kwenda kuonana, na uhakika kwamba mizigo iliyo njiani ina mwenyewe. Usianze kumsifu mwenzako kwa muda mrefu. Sifa nyingi kwa mtu asiyejulikana huzaa shaka.

Barua ifuate siku hiyo hiyo au kesho yake, ikiwa na saini ya meneja mkuu. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Yah: Mabadiliko ya msimamizi wa huduma zenu

Tafadhali rejea mazungumzo ya simu kati yako na msimamizi wenu wa sasa. Kuanzia tarehe iliyotajwa hapo juu, huduma zenu zitasimamiwa na ofisa ambaye jina, simu na barua pepe yake ya ofisi vimeandikwa chini ya barua hii. Kontena ambalo tamko lake limeshawasilishwa litaendelea kushughulikiwa na msimamizi wa sasa hadi litakaporudishwa tupu. Makontena mawili yaliyo majini yatashughulikiwa na msimamizi mpya.

Bei, muda wa malipo na makubaliano yote yaliyopo hayabadiliki kutokana na mabadiliko haya, ikiwa ni pamoja na punguzo la shilingi 500,000 lililobaki kwa mzigo ujao.

Akaunti yetu ya benki haibadiliki. Mkipokea ujumbe wowote unaowataka mlipe kwenye akaunti nyingine, tafadhali msilipe, na mpigie namba ya simu ya ofisi mliyo nayo tangu zamani ili kuhakikisha."

Aya hiyo ya mwisho isiondolewe kwa hoja ya kufupisha barua. Matapeli wanaovamia barua pepe za biashara hungojea nafasi kama hii, ambapo mteja anatarajia jina jipya, anwani mpya na mtindo mpya wa kuandika, ndipo humtumia ankara yenye namba ya benki nyingine. Ndiyo sababu mteja anaelekezwa kwenye namba ya zamani, kwa kuwa namba iliyo ndani ya ujumbe wa tapeli itapokelewa na tapeli mwenyewe. Msimamizi mpya naye atumie anwani ya kampuni tangu ujumbe wa kwanza, na asimtumie mteja maelekezo yoyote ya malipo katika juma lile la utambulisho.

Hatua ya 6: Nendeni mkaonane, na wa zamani anyamaze

Kikao kifanyike kwa mteja. Gerezani maana yake ni kukaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kaunta huku wateja wa vipuri wakiingia na kutoka, na huko ndiko msimamizi mpya atakakoona jinsi biashara inavyokwenda. Msimamizi wa zamani aanze kwa kumtambulisha mwenzake, kisha aeleze kwa kifupi, mbele ya wote, mambo mawili au matatu yaliyo kwenye muhtasari, hasa ile ahadi iliyobaki. Mzee akisikia shilingi 500,000 zikitajwa na mtu anayeondoka na kurudiwa na anayekuja, ahadi hiyo imepata mashahidi.

Baada ya hapo msimamizi wa zamani aache kujibu. Ni vigumu kuliko inavyoonekana. Mzee atauliza swali huku akimtazama yeye, kwa mazoea ya miaka, na jibu litakuwa limeshafika mdomoni. Amgeukie mwenzake na kumwachia. Msimamizi mpya akikosea jambo dogo, asisahihishwe hapo; asahihishwe ndani ya gari, na yeye mwenyewe arudi kwa mteja na jibu sahihi jioni hiyo. Jambo kubwa, kama kiwango cha ushuru au tarehe ya mwisho ya muda wa bure, lisahihishwe palepale, kwa kuwa mteja anaweza kuamua fedha kwa kutegemea neno hilo.

Msimamizi mpya asiende mikono mitupu. Aende na taarifa ya mahali yalipo makontena mawili yaliyo majini, siku meli zinapotarajiwa kufika, na nyaraka gani bado zinahitajika kutoka kwa binti. Kazi yake ya kwanza ianze hapo mezani. Na azungumze na mhasibu kando kwa dakika kumi kuhusu zile hati sita za kodi ya zuio, kwa kumwomba msaada, akiwa na orodha ya namba za ankara mkononi.

Hatua ya 7: Funga mlango wa WhatsApp taratibu

Mteja ataendelea kumwandikia msimamizi wa zamani, na huu ndio utambi mrefu kuliko wote katika makabidhiano. Akijibu, mteja hatahama kamwe. Akikaa kimya, ataonekana amemtupa mtu waliyekula naye futari. Njia iliyonifaa ni kufungua kundi dogo la watu wanne, yaani Mzee au binti, mhasibu wao, na wasimamizi wawili. Kila ujumbe unaoingia kwenye simu ya wa zamani unapelekwa kwenye kundi na kujibiwa humo na mpya. Wa zamani hujibu kwa sentensi moja tu: "Nimempatia mwenzangu, anakujibu sasa hivi." Jibu ni lazima lifike ndani ya saa moja katika siku hizo za kwanza, vinginevyo mteja amejifunza kuwa njia ya zamani ndiyo inayofanya kazi. Mzigo wa kwanza wa msimamizi mpya ukikamilika, wa zamani aage na kutoka kwenye kundi.

Ikiwa namba iliyotumika miaka yote ilikuwa ya simu binafsi ya msimamizi, ujumbe wenye makubaliano unakiliwe kwenye faili la mteja kabla hajaondoka. Ule tu unaohusu kazi. Mengine ni yake na ya mteja.

Pale ambapo msimamizi ameshaondoka bila makabidhiano, pengine kwa ugomvi na kampuni, muhtasari huandikwa kwa kurudi nyuma. Chukua ankara za miezi 18, tafuta kila mahali ambapo kiasi kilichotozwa kinatofautiana na orodha ya bei, na umuulize mhasibu sababu. Nyuma ya kila tofauti kuna ahadi. Kisha nenda kwa mteja ukiwa muwazi kwamba unakusanya makubaliano yaliyopo ili yaandikwe, umwombe ayataje, na usikubali wala kukataa lolote hapo hapo. Baadhi yatakuwa ya kweli, na moja au mawili yatakuwa yamenenepa kidogo njiani.

Dalili kwamba makabidhiano hayajashika ziko wazi kwa anayezitafuta. Mteja anaanza kuuliza maswali ambayo zamani hakuuliza, kama vile kuomba mchanganuo wa kila tozo. Malipo yaliyokuwa yakitoka Alhamisi ya juma la sita yanavuka hadi la nane bila maelezo. Iliyo mbaya kuliko zote ni kontena moja kuonekana bandarini likiwa na jina la mteja wako na wakala mwingine, kwani hiyo ina maana kwamba anajaribu mlango wa pili kabla ya kukuambia. Ukiiona dalili hiyo, msimamizi wa zamani apande gari kutoka Tunduma, au angalau apige simu, na waende wote wawili kumuuliza Mzee ni ahadi gani imesahauliwa.